Ndoto ya Usiku Hutengenezwa Mchana

Mtu akisumbuliwa na ndoto mbaya, jambo la kwanza analotafuta ni maana yake: nani kaituma, inaonya nini, nani atapatwa na nini. Akienda kwa daktari mwenye haraka hupewa vidonge vya usingizi. Tiba ninayotaka kuieleza haifanyi lolote kati ya hayo. Mshauri humketisha mgonjwa mchana, akiwa macho kabisa, akamwambia achague moja ya ndoto zake, aibadilishe kwa namna yoyote aipendayo mwenyewe, kisha ile mpya aitazame akilini kwa dakika chache kila siku. Kazi yenyewe ni hiyo. Inaitwa tiba ya mazoezi ya taswira, na kwa urahisi wake huonekana kama mchezo wa watoto, hata washauri wengi huidharau kabla ya kuijaribu. Wengine huijaribu vibaya, wakaiona haifai, wakaitupa.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1978 daktari wa magonjwa ya akili wa London, Isaac Marks, aliandika kuhusu mgonjwa mmoja aliyepata nafuu baada ya kuirudia ndoto yake akiwa macho na kuipa mwisho mwingine. Baadaye madaktari wa New Mexico, Marekani, akiwemo Robert Kellner na Barry Krakow, wakaifanya kuwa tiba yenye hatua zinazofundishika. Mwaka 2001 Krakow na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA utafiti wa wanawake 168, karibu wote wakiwa wamewahi kubakwa au kushambuliwa kingono, na wote wakiteswa na ndoto za kutisha. Takriban nusu yao walipewa tiba hiyo na wengine wakasubiri zamu. Vikao vilikuwa vitatu tu: viwili vya saa tatu tatu, na cha mwisho cha saa moja. Waliotibiwa walipunguziwa ndoto, wakalala vizuri zaidi, na kwa asilimia 65 yao hata dalili nyingine za kiwewe, zile za mchana, zilishuka kwa ngazi moja au zaidi. Kwa wale waliosubiri, asilimia 69 walibaki palepale au walizidi kuumwa. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kiliiweka tiba hii mbele ya nyingine zote kwa ndoto za kutisha zinazotokana na kiwewe.

Ili nisiiuze kwa bei isiyo yake, niseme na hili. Mwaka 2010 Joan Cook na wenzake walipoijaribu tiba hii katika utafiti wa maaskari 124 waliopigana Vietnam, haikuonekana bora kuliko mafunzo ya kawaida ya kulala vizuri. Wale walikuwa wazee waliobeba ndoto zao kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo tunazungumzia tiba inayosaidia watu wengi, lakini si kila mtu.

Msingi wake ni huu. Ndoto ya kutisha huanza na tukio la kweli, lakini ikishaota mamia ya mara hujitegemea. Inakuwa mazoea ya ubongo, kama kijia kilichokanyagwa hadi majani yakakoma kuota, ambacho miguu hukifuata gizani bila kuamriwa. Mgonjwa mwenyewe hukilinda kijia hicho bila kujua: akiamka usiku hukimbiza mawazo yake mbali, hasogelei tena picha zile, wala hazipati nafasi ya kubadilika. Tiba hii humrudisha kwenye picha akiwa ndiye mwenye usukani. Taswira tunazotumia mchana na zile za ndotoni hazitoki katika viwanda viwili tofauti, na mazoezi ya mchana huvuja hadi usiku.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, na nitaifuata kwa kisa kimoja. Mtu huyu nimemuunda kwa kuchanganya mambo yanayowapata wengi, asitafutwe na yeyote. Tumwite Baba Salim. Ni dereva wa lori la kontena, umri miaka 47, mkazi wa Changamwe, Mombasa. Miaka miwili iliyopita, akishuka mteremko wa Salgaa akitoka Malaba, breki zilikufa. Alivunjika paja, na tanboi wake, kijana wa miaka 22, akafia pale pale. Baba Salim alilazwa hospitali majuma kadhaa na mazishi yakampita. Tangu hapo analala saa tatu au nne, anaamka akipiga kelele, na mkewe amehamia chumba cha watoto. Mshauri aliyemwona ni mwanamke mdogo kwake kwa umri. Yeye humwita Daktari, naye humwita Baba Salim.

Kikao cha kwanza hakikugusa ndoto, na hilo si kupoteza muda. Mshauri anapaswa kujua kwanza anatibu nini. Anayepiga mayowe saa ya kwanza au ya pili ya usingizi, hatulizwi na mtu, na asubuhi hakumbuki chochote, yule ana vitisho vya usiku, na tiba hii haimfai kwa sababu hana ndoto ya kubadilisha. Anayeamka akili iko wazi lakini mwili umeganda na kifua kimekandamizwa, amekabwa na jinamizi, ambalo ni jambo jingine la usingizi. Anayerusha ngumi na mateke akiwa bado ndotoni, hasa akiwa mzee, apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Anayekoroma na kukatika pumzi achunguzwe usingizi wake, kwa kuwa kukosa hewa peke yake huweza kuleta ndoto mbaya.

Kisha dawa. Propranololi ya shinikizo la damu, meflokwini ya malaria na efavirenzi ya virusi vya Ukimwi zote zinajulikana kwa kuchafua ndoto. Pombe nayo huzima sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, na mtu anapoiacha ghafla ndoto hurudi kwa kishindo. Baba Salim hakuwa mnywaji. Alikuwa mlaji wa mugukaa, na tangu ajali alikula zaidi, tena usiku, ili asilale. Mshauri hakumhubiria. Alimwomba tu aiache baada ya alasiri, akamweleza kwamba usingizi uliokatwakatwa huwa mwepesi, na usingizi mwepesi humfanya mtu aamke katikati ya ndoto na kuikumbuka yote.

Swali moja halirukwi hata kama mgonjwa ni mcheshi na anatabasamu: je, ndoto hizi zimekufikisha mahali pa kutamani kufa? Wenye ndoto za kutisha wana hatari kubwa zaidi ya kujiua, hata ukiondoa hesabu ya sonona. Baba Salim alisema aliwahi kutamani asiamke, lakini hana mpango wowote. Mshauri aliandika, akapata ruhusa ya kuongea na mkewe, na alirudia swali lile katika kila kikao. Mtu mwenye mpango wa kujiua, au mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, au ambaye bado anaishi nyumba moja na anayempiga, hapewi tiba hii kwanza. Huanzwa na usalama wake.

Akaondoka na karatasi. Kila asubuhi aandike mambo matatu tu: amelala saa ngapi, ameota ndoto mbaya ngapi, na uzito wake kutoka 0 hadi 10. Yaliyomo ndotoni asiandike. Kuna washauri wanaowaagiza wagonjwa waandike kila ndoto kwa urefu, na hapo humfanya mgonjwa afanye mazoezi ya ndoto mbaya kila asubuhi. Wiki ile ya kwanza Baba Salim aliota mara saba katika usiku tano. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Bila namba, baada ya mwezi mtabaki kuulizana "unaonaje?"

Kikao cha pili kilikutana na ukuta. Mshauri alipouliza ndoto zenyewe, Baba Salim alinyamaza, akasema, "Daktari, ndoto mbaya sisi hatusimulii." Alikuwa akifuata mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.), kwamba aliyeota la kuchukiza ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, wala asimweleze mtu. Mshauri asiyejua pwani angeandika kwenye faili kwamba mgonjwa anakwepa. Huyu alijua, akamwambia, "Basi usinisimulie, Baba Salim. Mimi nitaka ile mpya tu." Ni kweli kabisa, na hapa tiba hii imezishinda nyingine nyingi za kiwewe: haimlazimishi mtu kusimulia jambo baya. Ndoto ya zamani inaweza kubaki kwake tangu mwanzo hadi mwisho. Kutema mate kushotoni na kujigeuza upande aliendelea nako, na hakuna aliyemzuia.

Kabla ya kubadilisha ndoto yoyote, mgonjwa hujaribiwa kama anaweza kushika taswira. Baba Salim aliombwa afumbe macho, au ayatulize sakafuni kama kuyafumba kunamtia hofu, afikirie mahali anapopapenda. Alichagua kibaraza cha nyumba ya mamake Kilifi. Mshauri aliuliza: unaona nini mkono wa kulia? Upepo unatoka wapi? Kuna harufu gani? Zoezi hili ni la dakika tano hadi kumi, na hufanywa nyumbani wiki nzima kabla ya kitu kingine. Wengi hupenda kulirukia. Wasilirukie, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anajifunza la kufanya picha mbaya inapovamia. Na itavamia. Kwa Baba Salim ilivamia siku ya tatu: kibarazani kukasikika honi. Alikuwa amekwisha kufundishwa asipigane nayo. Afumbue macho, ataje kwa sauti vitu vitatu vilivyo chumbani, avute pumzi taratibu, kisha arudi kibarazani au achague mahali pengine. Asiyeweza kurudi kabisa, kila akifumba macho anaona damu, hajawa tayari, na kumsukuma mbele ni kumuumiza.

Hatua inayoharibiwa kuliko zote ni kuchagua ndoto. Mshauri kijana, kwa huruma na hamu ya kusaidia, huelekea moja kwa moja kwenye ile kubwa. Kwa Baba Salim ilikuwa ya mteremko wenyewe, na sauti ya kijana ikimwita. Uzito wake aliupa 10. Hiyo huachwa. Anza na ndoto nyepesi, ya uzito wa 4 au 5, ambayo si marudio ya tukio lenyewe. Aliyejifunza kwa ndoto nyepesi hupata nguvu ya kuigusa nzito baadaye, na mara nyingi nzito hupungua yenyewe bila kuguswa, kwa kuwa ubongo umejifunza kwamba picha hubadilika. Baba Salim, akiwa ameshazoea kukaa na yule dada na ameona hakuna anayemchokonoa, alijitolea kusema kidogo: anaendesha lori tupu usiku, ukungu, anakanyaga pedeli inakuwa laini kama sifongo, na taa zilizo mbele haziji wala haziondoki. Akaipa 5.

"Sasa ibadilishe utakavyo," mshauri akasema.

"Nibadilishe vipi?"

"Utakavyo wewe."

Sentensi hiyo ndiyo moyo wa tiba, na ni ngumu kwa mshauri kuliko kwa mgonjwa. Ukimya ulipozidi, yule dada alijisikia kutaka kumwambia: si uzifanye breki zishike? Lingekuwa jibu la busara, na lingekuwa kosa. Kwanza, mabadiliko yanayotoka kwa mshauri hayamshiki mgonjwa. Anayarudia kama mwanafunzi anayekariri. Pili, tengenezo la busara huacha kila kitu mahali pake: lori lilelile, ukungu uleule, mteremko uleule, na mtu anabaki akingoja kuona kama breki zitashika. Aliuma ulimi. Baba Salim alikaa, akacheka kidogo, akasema, "Pedeli ikilainika tu, barabara iwe feri ya Likoni."

Hakuna fundi wa breki ambaye angewaza hivyo. Lakini tazama kilichotokea kwa picha ile. Lori limeegeshwa, injini imezimwa, na chombo kinakwenda bila yeye kukiendesha. Aliambiwa aiandike yote kwa mkono wake, kwa wakati uliopo, aijaze: mlango wa lori anaufungua, chuma cha feri kina joto miguuni, kuna mama anauza korosho, upepo una chumvi, ng'ambo inakaribia. Ilimchukua robo saa na ikajaa ukurasa mmoja. Mshauri aliuliza mambo mawili tu. Ndoto inageuka wapi? Inapaswa kugeuka kabla ya kilele cha hofu, pale pedeli inapolainika, kwa kuwa ukingoja hadi lori limeshapinduka, mwili umekwisha kuogopa. Na la pili: ukiisoma sasa, unajisikiaje? Kama jibu lingekuwa "bado natetemeka", wangeibadilisha tena.

Sharti la "utakavyo" lina mipaka michache. Wapo wanaoijaza ndoto mpya kwa kisasi: wanampata adui na kumkatakata. Usimkataze mtu papo hapo, lakini ujue kwamba ndoto mpya zilizojaa ukatili hazitulizi usingizi kama zile zinazolifungua fundo la ndoto yenyewe, yaani kukosa nguvu, kunaswa, kuachwa peke yako. Muulize tu: baada ya kumkata, unakwenda wapi? Wengi hubadilisha wenyewe.

Mazoezi ya nyumbani ni dakika tano hadi ishirini kila siku, na jambo moja lisisahaulike: anaifanyia mazoezi ndoto mpya peke yake. Ya zamani haisomwi tena, hata kama utangulizi. Baba Salim alifanya yake baada ya swala ya alasiri, mbali na kitanda, kwani mwanzoni kuifanya saa ya kulala humtia mtu mashaka kama itafaulu usiku uleule. Mkewe aliombwa amwachie dakika kumi na tano bila kelele za watoto, naye baada ya siku chache akawa ndiye anayemkumbusha.

Wiki ya kwanza ya mazoezi haikuleta kitu. Ndoto zilibaki sita. Hapa wagonjwa wengi huacha, na hapa mshauri hupimwa. Alimwomba afanye zoezi pale ofisini kwa sauti, akamsikiliza. Dakika ya pili pumzi zikawa fupi na vidole vikashika kiti. Alikuwa akianza mbali mno: kuwasha gari, kutoka getini, ukungu, kilomita baada ya kilomita za kusubiri pedeli ilainike. Bila kujua, nusu ya mazoezi yake yalikuwa ya ndoto ya zamani. Walipunguza mwanzo ukabaki sentensi mbili, feri ikapewa nafasi yote iliyobaki. Ndiyo maana nasema mgonjwa asiachwe afanye peke yake kwa mwezi bila kusikilizwa. Kosa hili halionekani kwenye karatasi.

Wiki ya pili ndoto zilishuka hadi nne, na uzito ukashuka kabla ya idadi, jambo la kawaida. Usiku mmoja aliota lori na ukungu, lakini kulikuwa na harufu ya samaki. Alikuja akicheka. Feri yenyewe hakuiota kamwe, wala haikuwa lazima. Wagonjwa hudhani tiba imeshindwa kwa sababu ndoto mpya haikuwatokea. Kinachotafutwa ni ile mbaya kulegea: iondoke, au ipoteze meno, au igeuke kuwa ndoto ya kipuuzi tu.

Baada ya wiki nne aliuliza mwenyewe kuhusu ile kubwa. Hili ni bora litoke kwake. Swali lake lilikuwa zito: "Nikimfanya yule kijana awe hai, si ninajidanganya? Na mamake je?" Mshauri asikimbilie kumjibu kwamba ni ndoto tu. Kwa aliyefiwa, kumfufua marehemu kila siku alasiri kunaweza kumletea faraja au kumrudisha msibani upya kila anapofumbua macho, na yeye pekee ndiye anayejua ni lipi. Baba Salim alikwenda na swali hilo wiki nzima. Aliporudi, ndoto yake mpya haikuwa na mteremko wala lori. Ilianzia pale sauti ilipomwita, akageuka, akajikuta msikitini. Jeneza liko mbele, safu zimepangwa, anaswali, kisha anatia bega lake chini ya jeneza pamoja na wengine na kutembea hadi makaburini. Mazishi yaliyompita akiwa hospitali, alijipa nafasi ya kuyahudhuria.

Siku zile za kwanza za mazoezi hayo alilia, na kilio hicho si dalili ya kuharibika kwa tiba, maadamu kinapungua siku hadi siku na usingizi haurudi nyuma. Karatasi ilithibitisha. Miezi mitatu baada ya kuanza, alikuwa akiota ndoto mbaya mara moja katika wiki mbili, uzito 3 au 4, akilala saa sita. Mkewe alirudi chumbani.

Lakini bado hapandi lori lenye kontena. Bado anajilaumu mchana kwamba angekagua breki kabla ya mteremko, na akisikia honi kubwa moyo unadunda. Tiba ya mazoezi ya taswira haikuahidi kuyaondoa hayo, na kosa la mwisho ninaloliona kwa washauri ni kufunga faili kwa sababu mgonjwa sasa analala. Lawama na woga wa mchana vina tiba zake, zinazokabili tukio lenyewe kwa masimulizi na kwa kuzipima fikra za mgonjwa. Baba Salim alianza hiyo mwezi wa nne, akiwa na usingizi wa kumbeba. Wengine huanza na tiba ya kiwewe na ndoto zikaondoka nazo, na zikibaki ndipo huletewa hii. Mimi napendelea kuanza na ndoto kwa mtu asiyelala, kwa sababu asiyelala hana nguvu ya kuyakabili mengine.

Kwa msomaji ambaye ndoto za namna hii zinamjia kila wiki na zimezidi mwezi mmoja: mwambie mhudumu wa afya kwa maneno hayohayo, "ndoto zinaniamsha, mara kadhaa kwa wiki, tangu tukio fulani", kwa sababu wengi wao hawaulizi. Mtajie dawa zote unazotumia, ila usiache yoyote mwenyewe, hasa za virusi na za shinikizo la damu. Zinaweza kubadilishwa bila kukatizwa. Ukianza kutamani kufa, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali leo, na mtu akusindikize.